Nywele Zilizochomoza Mbele ya Migomba: Kubadili Rangi Bila Kuacha Pindo

Ukipiga picha ya send-off nyumbani kwa mtu pale Ndama, wilayani Karagwe, nyuma ya kichwa cha mhusika utapata kibanja. Kuna majani ya migomba yanayong'aa, matundu ya anga kati ya jani na jani, majani makavu yanayoning'inia kwenye shina, na chini yake mibuni. Mandhari hiyo inapendeza. Tabu huanza siku mteja anaporudi na ombi dogo: "Nywele zangu zitoke nyeusi, ziwe damu ya mzee."

Sehemu ya katikati ya nywele haina shida, kwa kuwa mtu yeyote anayejua kushika brashi ataipaka. Shida iko kwenye nywele moja moja zilizochomoza pembeni ya afro au juu ya mistari ya rasta. Ukizichagua kwa mkono mzito, kichwa kinazungukwa na pindo jekundu. Ukizikwepa, panabaki uzi mweusi kuzunguka nywele nyekundu. Ukilainisha ukingo ili kuficha kosa, unapata utando unaofanana na moshi. Makala haya yanaeleza kwa nini pindo hutokea na namna ya kuliepuka kwa programu ya GIMP 2.10, ambayo hupatikana bure. Anayetumia Photoshop atafuata njia hiyohiyo kwa majina tofauti kidogo.

Pikseli ya ukingoni ni ya wawili

Unywele mmoja wa binadamu una unene wa takriban milimita 0.05 hadi 0.1. Sasa tuseme umempiga mteja kuanzia kichwani hadi chini ya kiuno, na urefu wa fremu yako ni mita 1.2 iliyogawanywa katika pikseli 6000. Kila pikseli inabeba milimita 0.2. Unywele wenye unene wa milimita 0.08 hauwezi kuijaza. Unachukua asilimia 40 tu ya upana wake, na asilimia 60 iliyobaki ni jani la mgomba.

Kwa hiyo pikseli hiyo si nywele wala si jani. Ni mchanganyiko, na kamera imekupa jumla yake tu. Swali la kujiuliza si kama pikseli ni ya nywele au siyo. Swali ni kiasi gani chake ni nywele. Jibu la swali hilo huandikwa kwenye maski kwa rangi ya kijivu: nyeupe ni nywele tupu, nyeusi si nywele kabisa, na kijivu cha asilimia 40 ni ule unywele wetu mmoja. Zana zinazochagua kwa ndiyo au hapana, kama Fuzzy Select, haziwezi kutoa jibu hilo. Kulainisha uteuzi kwa `Feather` nako hakusaidii, kwa sababu hutoa kijivu kinachofuata umbali kutoka kwenye mstari ulioteua, wala hakifuati nywele zenyewe.

Tuangalie hesabu ya rangi nyekundu peke yake. Nywele nyeusi ina wekundu wa 30 kati ya 255, na jani lililo nyuma lina 110. Pikseli ya unywele wetu itakuwa na asilimia 40 ya 30 pamoja na asilimia 60 ya 110, yaani 78. Mteja anataka nywele zifike 90, kwa maana hiyo nywele tupu inaongezwa 60. Unywele unaojaza asilimia 40 ya pikseli unastahili asilimia 40 ya nyongeza hiyo, ambayo ni 24, na pikseli inatakiwa iishie 102. Ukiijumlishia 60 yote inafika 138, na hilo ndilo pindo jekundu. Usipoigusa inabaki 78, na huo ndio uzi mweusi.

Hesabu hiyo inafundisha jambo la pili ambalo wengi hulipita. Hatukuhitaji kujua nyuma kuna nini. Tulijumlisha tofauti ya rangi juu ya kilichopo, kwa kiasi cha unywele, na jani likabaki na sehemu yake. Ndiyo maana leya ya rangi itawekwa katika hali ya `Addition`. Hali ya `Normal` hufunika kilicho chini, na kufunika pikseli iliyochanganyika ni kubadilisha jani pia.

Kila kilicho nyuma kina chaneli yake

Picha ina chaneli tatu: nyekundu, kijani na bluu. Jani bichi hunyonya mwanga mwekundu na wa bluu kuliko wa kijani, kwa hiyo katika chaneli ya kijani linang'aa na katika bluu linafifia. Tuseme jani letu ni 150 kwenye kijani na 60 kwenye bluu, na nywele nyeusi ni 24 na 20. Tofauti ya kijani ni 126, wakati ya bluu ni 40 tu. Nywele nyeusi mbele ya mgomba zitafutwe kwenye kijani.

Anga linaloonekana kupitia matundu lina karibu 220 kwenye kijani, kwa hiyo chaneli hiyohiyo inafaa. Lakini haifai kwa vipimo vilevile, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Unywele wetu wa asilimia 40 ukiwa mbele ya anga una kijani cha takriban 142. Ukishaiambia programu kwamba 150 ni mandhari ya nyuma kwa kuwa ndiyo thamani ya jani, 142 itahesabiwa kuwa asilimia 6 tu ya nywele. Unywele unatoweka kwenye maski na kubaki mweusi kwenye picha. Ndiyo sababu mara nyingi pindo huonekana vipande vipande: safi mbele ya jani, chafu mbele ya tundu la anga. Dawa ni kugawa ukingo wa kichwa kwa kufuata kilicho nyuma, na kila kipande kupimwa peke yake.

Vipande vingine viwili vina tabia zake. Kwenye paji la uso, nywele changa zinalala juu ya ngozi, na ngozi ya kahawia hung'aa zaidi kwenye chaneli nyekundu. Hapo tumia nyekundu. Na kama jua lilikuwa nyuma ya mteja, baadhi ya nywele zilizochomoza zimewaka na kuwa angavu kuliko jani. Hizo zitafutwe kwenye bluu, ambako jani limefifia, na chaneli hiyo usiigeuze kama utakavyogeuza zile nyingine.

Kipande kigumu kuliko vyote ni majani makavu. Rangi yake ya kahawia inaweza kuwa na kijani cha 55 huku nywele zikiwa na 24. Unywele wetu mbele yake unakuwa karibu 43, ilhali mikunjo ya jani kavu lenyewe inapanda na kushuka zaidi ya hapo. Hakuna chaneli itakayovitenganisha. Tutarudi kwenye kipande hicho.

Anza na faili halisi

Kabla ya kufungua programu, hakikisha unafanyia kazi faili iliyotoka kwenye kamera. Picha iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida imepunguzwa ukubwa na kubanwa. Zaidi ya hapo, JPEG nyingi huhifadhi mwanga kwa kila pikseli lakini rangi kwa kundi la pikseli nne, mbili kwa mbili. Rangi ya jani inakuwa imemwagikia kwenye unywele kabla hujaigusa. Mteja akikuletea picha ya simu, mwombe aitume kama `Document`, au inakili moja kwa moja kutoka kwenye simu yake. Kama ulipiga mwenyewe na kamera ina RAW, tumia hiyo.

Kutengeneza maski

Fungua picha, kisha nenda `Colors > Components > Decompose`. Chagua `RGB` na uache alama kwenye `Decompose to layers`. Utapata picha mpya yenye leya tatu za kijivu. Chukua ya kijani, igeuze kwa `Colors > Invert` ili nywele ziwe nyeupe, kisha ifanyie nakala ili uwe nazo mbili: moja ya majani, nyingine ya anga.

Kwenye nakala ya majani fungua `Colors > Levels`. Baada ya kugeuza, nywele zetu za 24 zimekuwa 231, na jani la 150 limekuwa 105. Weka namba ya kushoto ya `Input Levels` iwe 105 na ya kulia 231. Kwenye nakala ya anga, kulia kubaki 231 lakini kushoto kuwe 35, kwa sababu 220 imegeuka kuwa 35. Picha yako itakuwa na namba zake. Zisome kwa zana ya `Color Picker` ukiwa kwenye leya hiyohiyo ya kijivu, sehemu chache za jani na sehemu chache za nywele tupu.

Kishale cha katikati kina kazi yake pia. Kamera huchanganya mwanga kabla ya kuugeuza kuwa namba hizi, kwa hiyo nywele nyembamba mbele ya kitu angavu hutoka angavu kuliko hesabu yetu rahisi inavyosema, na maski huzipunja. Kuipandisha namba ya katikati kutoka 1.00 hadi kama 1.20 hurudisha kijivu kilichopungua. Kilicho hatari ni kubana namba za pembeni ili kupata nyeupe na nyeusi kali. Maski hiyo huvutia kwenye skrini, lakini kijivu kimekufa, na nywele hutoka na meno kama ya msumeno.

Sasa unganisha vipande. Nakala ya majani iwe juu. Ipe uwazi kwa `Layer > Transparency > Add Alpha Channel`, kisha ifute kwa `Eraser` mahali palipo na anga, ukifuata ukingo wa jani lenyewe, ili nakala ya chini ionekane. Fanya vivyo hivyo kwa paji la uso, ukitumia leya nyekundu iliyogeuzwa na kupimwa kwa namba zake. Ukimaliza, tengeneza leya moja kwa `Layer > New from Visible`.

Kwenye leya hiyo, paka nyeupe katikati ya nywele ambako hakuna shaka. Paka nyeusi uso, shingo, nguo na mandhari iliyo mbali. Usisahau nyusi, macho na matundu ya pua, kwani nayo ni meusi na chaneli imeyachukua kama nywele. Acha bila kuguswa ukanda mwembamba wa ukingoni tu, ule wenye nywele moja moja.

Ndani ya ukanda huo utaona madoa ya kijivu yasiyo nywele, mengi yakitoka kwenye mishipa ya jani na vivuli vyake. Yafifishe kwa zana ya `Dodge/Burn` ikiwa kwenye `Burn`, `Range` iwe `Shadows` na `Exposure` kama 10 hadi 15. Hali hiyo hugusa zaidi kijivu cha giza na kuacha nywele zenye mwanga. Pita mara chache kwa mkono mwepesi. Mng'ao wa majani ya mibuni unaweza kuwa mwembamba kama unywele, kwa hiyo kabla ya kufuta au kuacha mstari wowote, fuatilia ulikotoka. Unywele una mzizi kwenye kichwa, na mng'ao wa jani hauna.

GIMP ina pia zana ya `Foreground Select` ambayo hukadiria kijivu yenyewe. Unazungushia kichwa, unaipaka sehemu ya nywele tupu, unaiachia ukanda wa shaka, kisha unachagua `Matting Levin` au `Matting Global`. Mbele ya ukuta au anga tupu hufanya kazi vizuri. Mbele ya kibanja chenye vitu vinne kwa wakati mmoja hukosea mahali palepale ambapo jicho hukosea, yaani kwenye majani makavu. Itumie kupata mwanzo, kisha sahihisha kwa njia ya chaneli.

Kuweka rangi

Nakili maski kwa `Edit > Copy Visible` ukihakikisha leya ya mwisho ndiyo inayoonekana. Rudi kwenye picha halisi, tengeneza leya mpya na uijaze rangi ya nyongeza, siyo rangi ya mwisho. Kwa damu ya mzee unaweza kuanza na `#3c0614`, ambayo ni 60 ya nyekundu, 6 ya kijani na 20 ya bluu. Badilisha `Mode` kuwa `Addition`. Kisha `Layer > Mask > Add Layer Mask`, chagua `Black (full transparency)`, bandika kwa `Edit > Paste in Place`, na umalize kwa `Layer > Anchor Layer`.

Rangi itatoka hafifu kuliko hesabu, kwa kuwa GIMP 2.10 hujumlisha mwanga wenyewe badala ya namba hizi. Ongeza wekundu wa leya kidogo kidogo hadi katikati ya nywele pamependeza. Ukingo usiuangalie wakati huo, maana kama maski ni sahihi utafuata wenyewe.

Kuna gharama moja ya njia hii. Nyongeza inaingia sawasawa hata kwenye vivuli vizito kati ya misuko, na hapo nywele zinaonekana kama zimepigwa vumbi jekundu. Shika brashi kubwa laini yenye rangi nyeusi, `Opacity` ya 20 hivi, na upake kwenye maski juu ya vivuli hivyo hadi virudi giza. Usiifikishe brashi hiyo kwenye ukanda wa ukingoni.

Mteja akitaka kinyume chake, nywele zilizopakwa rangi zirudi nyeusi, hali ni `Subtract` na leya ijazwe tofauti unayotaka kuiondoa. Maski hutengenezwa kwa njia ileile, ila pima upya chaneli, kwa sababu nywele nyekundu haziko mbali na jani kwenye chaneli zilezile. Kwenye Photoshop, `Addition` inaitwa `Linear Dodge (Add)`. Ukitumia `Select and Mask` huko, usiweke alama kwenye `Decontaminate Colors`. Chaguo hilo hubadilisha rangi za pikseli za ukingoni ili kichwa kihamishiwe kwenye mandhari nyingine. Hapa kichwa hakihami, na pikseli hizo tunazihitaji na jani lake ndani.

Kupima kabla ya kumwita mteja

Badilisha rangi ya leya kwa muda iwe nyekundu kabisa, `#ff0000`, na ukuze picha hadi asilimia 200. Kila mahali maski inapovuja patapiga kelele: doa kwenye jani, sikio lililosahaulika, hereni, mpaka kati ya kipande cha jani na cha anga. Sahihisha, kisha rudisha rangi yako.

Halafu zima na kuwasha leya huku ukiangalia ukingo. Mstari mwekundu unaong'aa kuliko nywele zenyewe unasema maski ni nyeupe mno hapo. Uzi mweusi unasema ni nyeusi mno. Wekundu uliotanda sawasawa kama ukungu, bila umbo la nywele, unasema mahali fulani umelainisha badala ya kupima. Ukiona kijani kidogo kwenye nywele za pembeni hata baada ya hapo, kiache. Majani huakisi mwanga wa kijani juu ya kichwa kweli, na ukikiondoa mteja ataonekana amebandikwa.

Pima pia kwa ukubwa utakaochapishwa. Picha ya pikseli 6000 ikichapwa kwa sentimita 10 kwa 15 kwenye ubora wa 300 kwa inchi, urefu wake unashuka hadi pikseli 1772, na kosa la pikseli moja linakuwa chini ya theluthi ya pikseli. Halionekani. Fremu ya ukutani ni jambo jingine, na ndiyo inayostahili saa zako.

Majani makavu

Tulikiacha kipande ambacho hakuna chaneli inayokisoma. Hapo una njia mbili, na zote ni za mkono. Ya kwanza ni kuchora nywele kwenye maski kwa brashi ya pikseli moja au mbili, kijivu cha asilimia 40, ukifuata chache unazoziona kweli kutoka kwenye mizizi yake. Kumi zilizochorwa vizuri zinatosha, kwa kuwa jicho huona vipande vya jirani vilivyo kamili na kukamilisha lenyewe. Ya pili ni kuziondoa nywele hizo kwenye picha kwa `Heal` au `Clone`, ukichukua mfano kutoka kwenye jani kavu la jirani, na kuacha ukingo wa kichwa uwe safi hapo. Usiuache safi kichwa kizima, kwani kichwa kisicho na hata unywele mmoja uliochomoza huonekana kimekatwa kwa mkasi.

Picha ijayo unaweza kulimaliza tatizo hilo kabla halijazaliwa. Msogeze mteja mita tatu au nne mbele ya migomba, fungua tundu la lenzi, na uzunguke hadi nyuma ya kichwa pawe na majani mabichi au anga, siyo shina lenye majani makavu. Hatua mbili za miguu pale kibanjani zinaokoa kazi ndefu mbele ya skrini.

Mwisho, hifadhi kazi kama `XCF`, siyo JPEG peke yake. Sehemu iliyokugharimu ni maski, na maski haijui rangi gani imewekwa juu yake. Mteja akirudi wiki ijayo kusema dada zake wamependekeza kahawia ya asali, utajaza leya ileile rangi nyingine, upime tena kwa `#ff0000`, na umchapie.